Mmisionari Akiondoka, Nani Anabaki? Ubudha na Ukristo kutoka Lanka hadi Ubena

Swali lenyewe huja kwa maneno tofauti mwaka hadi mwaka, lakini kiini chake ni kimoja: linganisha jinsi Ubudha na Ukristo zilivyoenea zikiwa dini za kimisioni. Mtahiniwa wa Njombe au Makambako akishalisoma, mkono wake hukimbilia kuchora mstari katikati ya karatasi ya kupangia majibu. Kushoto anaandika Ashoka, kulia Konstantino. Kushoto watawa, kulia mitume. Kushoto njia ya hariri, kulia barabara za Warumi. Kila alichoandika ni kweli, na bado jibu halisemi kitu, kwa sababu hakuna mahali ambapo dini hizo mbili zimewekwa kwenye mzani mmoja.

Ninashauri mpango wa namna nyingine, unaojengwa juu ya swali dogo: mmisionari mgeni akiondolewa, nani anabaki? Historia ina nyakati ambapo wageni waliofundisha dini waliondoshwa kwa vita au kwa amri ya serikali, au mnyororo wao ulikatika wenyewe. Nyakati hizo zinatuonyesha kilichokuwa kimeota mizizi na kilichokuwa kimesimamishwa tu kwa nguzo. Moja ilitokea China mwaka 845. Nyingine ilitokea Lanka katika karne ya 18. Ya tatu ilitokea hapa hapa, kati ya Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi, kuanzia 1916.

Amri ya kwenda: karne ya 5 KK hadi karne ya 1 BK

Dini zote mbili zilianza na amri ya kutoka. Vitabu vya nidhamu vya Wabudha vinasimulia kwamba Budha, alipokwisha kupata wafuasi 60 waliokomaa, aliwatuma waende kufundisha kwa faida ya watu wengi, wala wawili wasishike njia moja. Wakristo nao wana agizo la Yesu mwishoni mwa Injili ya Mathayo. Mtahiniwa asikae sana hapa, maana kufanana huku hakufafanui lolote. Linalofafanua ni kile ambacho kila mjumbe alihitaji ili aweze kuacha mrithi.

Mtawa wa Kibudha hakuweza kumfanya mtu kuwa mtawa kamili akiwa peke yake. Kanuni ilidai watawa kumi wakutanike, na katika nchi za mbali, ambako watawa walikuwa wachache, ilikubali watano. Watawa hao hawalimi wala hawapiki. Chakula chao hutoka kwa waumini wa kawaida, asubuhi kwa asubuhi. Kwa hiyo Ubudha hauwezi kusimama mahali mpaka pawepo vitu viwili kwa pamoja: kundi la watawa, na jamii yenye ziada ya kuwalisha.

Paulo alisafiri na mzigo mwepesi zaidi. Alijitegemea kwa kushona mahema, aliingia katika masinagogi yaliyokuwa yametapakaa tayari katika miji ya Warumi, na alikaa mahali muda mfupi tu. Matendo ya Mitume 14 inaeleza kwamba yeye na Barnaba, wakirudi kupitia Listra, Ikonio na Antiokia, waliteua wazee katika kila kanisa kisha wakaondoka. Wazee hao walikuwa watu wa mji ule ule, wenye kazi zao na nyumba zao, na hawakuhitaji kulishwa na mtu. Yaliyobaki Paulo aliyamaliza kwa barua.

Hapo pana tofauti ya kwanza yenye uzito, na mtahiniwa aiandike kwa sentensi kamili. Ubudha ulisafiri kama jumuiya ya watawa inayohitaji mfadhili. Ukristo wa mwanzo ulisafiri kama mkusanyiko wa waumini wanaojiongoza.

Ashoka, Mahinda na kipimo cha Lanka

Mfadhili mkubwa alipatikana katika karne ya 3 KK. Mfalme Ashoka wa dola ya Maurya aliiteka Kalinga, na maandishi yake mwenyewe juu ya mwamba yanasema watu 100,000 waliuawa na 150,000 wakahamishwa. Maandishi hayo hayo yanaeleza majuto yake, kisha yanawataja wafalme wa Kigiriki wa mbali, akiwemo Ptolemaio wa Misri, ambao anasema wajumbe wake wa dharma waliwafikia. Huko Misri haukubaki Ubudha wa kuonekana. Katika Lanka ulibaki, na hadi leo upo. Kwa nini?

Takriban mwaka 250 KK Mahinda, ambaye mapokeo ya Lanka yanamtaja kuwa mwana wa Ashoka, alifika kisiwani na wenzake, na Mfalme Devanampiya Tissa akampa bustani yake ya Anuradhapura iwe makao ya watawa. Wanawake wa jumba la mfalme walipoomba kuingia utawa, Mahinda hakuweza kuwaingiza, kwa kuwa kanuni ilitaka pawepo watawa wa kike. Ndipo akaitwa Sanghamitta, dada yake, akaja na watawa wenzake na chipukizi la mti ambao chini yake Budha alipata mwangaza.

Mapokeo ya ufafanuzi ya watawa wa Lanka yana habari moja ambayo ningependa kila mtahiniwa aikumbuke. Mfalme alimuuliza Mahinda kama sasa dini imesimama. Mahinda alijibu kwamba imesimama, ila mizizi haijashika. Itashika siku kijana aliyezaliwa Lanka, kwa baba na mama wa Lanka, atakapoingia utawa Lanka, akajifunza kanuni Lanka, na kuisoma mbele ya watu Lanka. Kwa hiyo kipimo ninachokipendekeza hakikutungwa na mwalimu wa darasani. Wamisionari wa Kibudha walikuwa nacho zaidi ya miaka elfu moja kabla ya Mjerumani wa kwanza kupanda milima ya Livingstone.

Kwa upande wa Ukristo, mfalme wa kulinganisha ni Konstantino, aliyewapa Wakristo uhuru wa kuabudu mwaka 313. Lakini mtahiniwa aangalie mpangilio wa mambo. Konstantino alikuta makanisa tayari yapo, yameshateswa na kusalimika. Huko Lanka Tissa alitangulia, na nyumba za watawa zikafuata. Katika karne ya 4 hiyo hiyo Ezana wa Aksum, Ethiopia, aliupokea Ukristo kupitia Frumentio, aliyelelewa katika jumba la mfalme, na huko njia ilifanana zaidi na ya Lanka. Mfano huo mmoja unatosha kuonyesha kwamba si sahihi kuandika kuwa Ubudha huanzia kwa wafalme na Ukristo kwa watu wa chini.

Chang'an, 635 hadi 845: dini mbili chini ya amri moja

Sehemu hii ndiyo yenye thamani kubwa katika jibu lote, na mara nyingi huachwa. Katika mji mkuu wa China, Chang'an, Ubudha na Ukristo ziliishi pamoja kwa miaka 200 na zaidi, zote mbili zikiwa dini zilizotoka nje.

Ubudha ulikuwa umeingia kwa wafanyabiashara na watawa wa Asia ya Kati tangu karne ya 1. Mwaka 148 mtawa wa Kiparthi, An Shigao, alifika Luoyang akaanza kutafsiri. Mwaka 401 Kumarajiva alifika Chang'an na kuongoza kundi kubwa la wasomi wa Kichina katika kazi hiyo. Ikafika wakati Wachina wenyewe ndio waliofunga safari kwenda India kutafuta vitabu, kama Faxian mwaka 399 na Xuanzang mwaka 629. Hapo mizizi ilikuwa imeshika. Aliyekuwa mpokeaji amekuwa mtafutaji.

Ukristo uliingia mwaka 635 kwa mtu aitwaye Alopen, wa Kanisa la Mashariki. Mfalme Taizong alimpokea, na miaka mitatu baadaye akaruhusu nyumba ya watawa ijengwe. Jiwe lililosimikwa mwaka 781 linaeleza historia hiyo kwa Kichina, na pembeni lina majina ya makasisi kwa Kisiria. Makasisi hao wengi walikuwa watu wa Uajemi na Asia ya Kati, na maaskofu wao waliteuliwa kutoka mbali, upande wa Baghdadi.

Mwaka 845 Mfalme Wuzong alitoa amri dhidi ya dini za kigeni. Sababu mojawapo kubwa ilikuwa ya hazina: nyumba za watawa zilikuwa na ardhi isiyolipa kodi na shaba nyingi iliyofungiwa ndani ya sanamu. Kumbukumbu za serikali zinataja nyumba 4,600 za Kibudha zilizovunjwa na watawa 260,500 waliorudishwa uraiani. Wakristo na Wazoroasta waliokumbwa walikuwa elfu chache tu. Mwaka uliofuata Wuzong akafa, na mrithi wake akalegeza amri.

Ubudha ulijeruhiwa vibaya, lakini uliendelea. Watawa waliovuliwa mavazi walikuwa Wachina wenye ndugu vijijini, vitabu vilikuwa kwa Kichina, na ibada za wafu zilishaingia majumbani. Ukristo ulififia. Mwaka 987 mwandishi wa Baghdadi, Ibn al-Nadim, aliandika habari aliyopewa na mtawa aliyerudi kutoka China kwamba Wakristo wa huko walikuwa wamekwisha.

Mtahiniwa anayejua hadithi hii hawezi tena kuandika kwamba Ukristo, kwa asili yake, una nguvu ya kuenea kuliko Ubudha. Amri ilikuwa moja na mwaka ulikuwa mmoja. Dini iliyokuwa na walimu wazawa ilipona, na iliyotegemea wageni ikapotea.

Ubena, 1891 hadi 1905

Sasa tuje nyumbani. Mwaka 1891 kikosi cha Misioni ya Berlin kilichoongozwa na Alexander Merensky kilifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa na kuanza kazi kwa Wanyakyusa. Mwaka huo huo, tarehe 17 Agosti, jeshi la Wahehe lililipiga jeshi la Wajerumani huko Lugalo. Maadamu Mkwawa alikuwa na nguvu, wamisionari hawakuweza kuikalia Ubena, ambayo kwa miaka mingi ilikuwa imeumizwa na vita vya Wahehe na Wangoni. Ngome ya Kalenga ilianguka Oktoba 1894, na Mkwawa akafa Julai 1898. Mwaka huo huo wa 1898 misioni ilifunguliwa Kidugala. Baada ya muda si mrefu zikafuata Ilembula, Lupembe na Yakobi.

Mfuatano huu wa matukio lazima uelezwe kwa uaminifu. Waanzilishi wa Kidugala hawakuwa askari, lakini mlango waliopita ulifunguliwa na bunduki. Kwa Mbena aliyekuwa amejificha milimani, kituo cha misioni kilikuwa kwanza mahali pa usalama, pa kulima bila kuvamiwa, kisha shule, na baadaye kanisa. Kwa watawala kituo kilikuwa jambo jingine. Kiliwachukua watu wao na kusimama pamoja na serikali ya kodi na kazi za lazima.

Ndiyo maana Vita vya Maji Maji vilipofika nyanda hizi, Septemba 1905, watu wa mtawala Mbeyela waliishambulia misioni ya Yakobi. Mmisionari Paul Gröschel na waliokuwa pamoja naye walijihami, na shambulio likashindwa. Kulipiza kisasi kwa Wajerumani na njaa iliyofuata viliumiza nchi nzima. Baada ya hapo vijana wengi waligeukia shule, kwa kuwa njia ya mikuki ilikuwa imefungwa. Mwanahistoria anayesema waliongoka kwa hofu tu anawapunguza, na anayesema waliongoka kwa imani tu anayasahau makaburi ya 1905 na 1906.

Kilichofanyika kimya kimya katika miaka hiyo ndicho kilichokuja kuamua mambo. Wamisionari wa Kijerumani walikuwa wachache mno kwa eneo hili. Wasingeweza kufika kila kijiji. Kwa hiyo walichagua vijana waliosoma kituoni, wakawafunza Kidugala, wakawatuma vijijini na kitabu cha kusomea, katekisimu na nyimbo. Mwalimu huyo alifundisha kwa Kibena na Kiswahili, alilala kwa ndugu zake, na alilima shamba lake. Alifanana sana na wazee wa Listra.

1916 hadi 1925: miaka ya kujaribiwa

Katikati ya 1916, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Waingereza yaliyotoka upande wa Nyasa yaliingia Njombe. Novemba mwaka huo kikosi cha Kijerumani cha Hübener kilisalimu amri Ilembula, na Lupembe nako kulipiganwa. Wamisionari wa Kijerumani waliondolewa, na baada ya vita hawakuruhusiwa kurudi mapema.

Hali ilikuwa sawa na ya Chang'an: wageni hawapo. Hakuna Mbena aliyekuwa amewekwa wakfu kuwa mchungaji. Kwa mtazamo wa makao makuu ya Berlin, kanisa lilikuwa limebaki bila kichwa. Lakini walimu walikuwepo, na wazee walikuwepo. Ibada za Jumapili, masomo ya wanaotaka kubatizwa na usuluhishi wa ugomvi wa waumini vilibaki mikononi mwao. Sakramenti zilingoja, lakini mafundisho hayakungoja. Kanisa Huru la Muungano la Uskoti, lililokuwa Livingstonia, lilikuja kuzisimamia misioni hizi likiwa na watu wachache sana, na lilichokikuta ni waumini wanaoongozwa na wenzao. Wajerumani waliporudi kuanzia 1925 walikutana na walimu waliokwisha kuzoea kuamua mambo wenyewe, na haikuwa rahisi kuwarudisha katika nafasi ya wasaidizi. Vita Kuu ya Pili iliwaondoa tena Wajerumani, na safari hii mshtuko ulikuwa mdogo zaidi. Mwaka 1963 Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania liliundwa, na Dayosisi yake ya Kusini ina makao Njombe.

Lanka ya 1753 na Dar es Salaam ya 1915

Hapa jibu linahitaji kurudi kwenye Ubudha ili mzani usielemee upande mmoja. Baada ya miaka mingi ya vita na utawala wa Wareno, kisha Waholanzi, pwani ya Lanka, mnyororo wa watawa kamili ulikatika kisiwani. Waumini walikuwepo, mahekalu yalikuwepo, mti wa Anuradhapura ulikuwepo, lakini watawa watano kamili wa kumfanya mwingine kuwa mtawa hawakupatikana. Mwaka 1753 Mfalme Kirti Sri Rajasinha wa Kandy alifanikiwa kuwaleta watawa kutoka Siam, wakiongozwa na Upali, na mnyororo ukaungwa upya.

Tukio hilo linaonyesha udhaifu na nguvu kwa pamoja. Kanuni ya watu watano inaweza kuiacha nchi nzima bila watawa. Lakini kwa kuwa Lanka ilikuwa imepeleka dini yake ng'ambo, ng'ambo iliweza kuirudisha.

Karne iliyofuata Wabudha wa Lanka walichukua vyombo vya washindani wao. Walianzisha shule za mtindo wa misioni, magazeti na vyama. Mwaka 1891, mwaka ule ule Merensky alipofika Nyasa, Anagarika Dharmapala alianzisha Chama cha Maha Bodhi huko Colombo. Hata hivyo, Ubudha ulipofika Dar es Salaam haukuletwa na misioni ya namna hiyo. Uliletwa na Wasinhala waliokuja kufanya kazi, ambao mwaka 1915 waliunda chama chao, kisha wakajenga hekalu. Lengo lake la kwanza lilikuwa kuwahudumia wao wenyewe na kuwaita watawa kutoka kwao. Haukuwa na Kidugala yake, yaani mahali pa kumfunza kijana wa Kitanzania arudi kijijini kufundisha kwa lugha ya mama yake. Jumuiya ikadumu, nayo ikabaki ndogo.

Makambako, reli na mpaka wa hoja

Mtahiniwa wa Makambako ana mfano ambao wa Dar es Salaam hana. Kati ya 1970 na 1975 makumi ya maelfu ya Wachina walijenga reli ya TAZARA, na kipande kigumu kuliko vyote kilikuwa kile cha kupanda kutoka Mlimba hadi Makambako. Walitoka katika nchi yenye Ubudha wa karibu miaka 1,900. Hawakuacha hekalu. Walitumwa na serikali ya Mao, wakati mahekalu ya kwao yalikuwa yamefungwa, na waliishi katika kambi zao. Kwa hiyo hoja ya njia za biashara, ambayo kila mtahiniwa huiandika, ina mpaka. Njia hupitisha dini endapo tu kuna anayeibeba, na akikaa muda wa kutosha kumfunza mwenyeji.

Ukiwa na dakika 45, tumia tano kuandika kipimo na kukifafanua kwa maneno ya Mahinda. Dakika kumi ziende kwa mahitaji ya mtawa na mahitaji ya mwalimu. China ya 845 ipewe kumi, Ubena kumi na tano, na zinazobaki zitumike kwa Lanka ya 1753 na reli. Usiandike kwamba Ubudha ulienea kwa amani na Ukristo kwa upanga, kwa sababu Ezana na Alopen wote wawili watakukanusha. Usiorodheshe tarehe ambazo hazibebi sababu.

Kisha, mtihani ukiisha, kuna kazi inayobaki. Vitabu vya misioni vimewahifadhi Merensky na Gröschel. Walimu wa Kibena walioyashikilia makanisa kuanzia 1916 hadi 1925 wana wajukuu walio hai Kidugala, Ilembula, Lupembe na Yakobi. Nenda ukaulize majina yao, uyaandike pamoja na vijiji walivyofundisha.